Duma Aliyekimbia Kama Ngamia

Shule yetu ina kamusi moja tu, na mimi ndiye niliyeifanya ikimbie. Kwenye pembe ya kila ukurasa, kuanzia herufi A, nilimchora Mwalimu Mkuu ameshika kofia kwa mkono mmoja na kaptura kwa mkono wa pili, na nyuma yake punda. Ukiishika kamusi kwa mkono wa kushoto na kuziachia kurasa moja moja kwa kidole gumba cha kulia, Mwalimu Mkuu alikimbia mpaka herufi M, ambapo punda alimfikia. Sitasema alimfanyia nini. Wenzangu wa bwenini waliiazima kamusi hiyo kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana tangu shule ijengwe, na walimu walifurahi kuona jinsi tulivyopenda maneno.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Mwalimu Mkuu alitaka kujua ni neno gani tamu namna hiyo. Akaifungua kamusi mwenyewe, kurasa zikamponyoka kidoleni, akajiona anakimbia.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kupiga magoti ofisini. Kabla ya hapo kulikuwa na habari ya mbuzi aliyekutwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu, na habari nyingine ya chumvi kwenye chai ya wageni. Baada ya hiyo ya pili baba aliniambia, kwa ile sauti ya upole ambayo kwetu ni mbaya kuliko kiboko, kwamba la tatu ndilo la mwisho. Nitarudi kuchunga ngamia upande wa Modogashe, na nafasi yangu shuleni atapewa binamu yangu, kijana mwenye adabu ambaye hajacheka tangu azaliwe. Baba huja Garissa mwisho wa mwezi kuuza wanyama. Mwalimu Mkuu alinieleza, akinitazama juu ya miwani, kwamba safari hii hataandika barua. Atamsubiri baba amwonyeshe kamusi kwa macho yake.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa, akaingia mtu mfupi mwenye koti lililojaa penseli mfukoni. Alikuwa Mkamba kutoka Machakos, fundi wa idara ya sinema ya serikali huko Nairobi, na alikuja kuomba ukuta mweupe wa shule yetu wa kuonyeshea picha. Akiwa anangoja jibu aliiona kamusi mezani. Akaichukua, akaziachia kurasa. Akarudia. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Mwalimu Mkuu akatazama dirishani kana kwamba kuna jambo la maana huko nje.

Fundi aliuliza nani kachora. Mwalimu Mkuu alininyooshea kidole pale chini.

"Punda wako amekufa miguu," fundi aliniambia. "Lakini Mwalimu Mkuu anakimbia vizuri sana."

Nilidhani ananitania, kumbe alikuwa anasema jambo la kazi. Alieleza kwamba ana sinema ya kutengeneza kwa ajili ya wafugaji, kuhusu sotoka ya ng'ombe na faida ya kuchanja. Katika sinema hiyo ugonjwa wenyewe haukuwa na sura, kwa hiyo walikubaliana uchorwe kama duma anayeingia kwenye ndama kabla mchungaji hajainuka. Duma huyo alitakiwa kukimbia. Msaidizi wake alishikwa na homa akarudishwa Nairobi kwa lori, na Bwana Mifugo alikuwa ameweka sharti: kabla hata futi moja ya filamu haijatumika, duma aonyeshwe kwa wafugaji sokoni. Wakimcheka, ataondolewa, na sinema itakuwa ya mtu mmoja mwenye koti jeupe anayesema maneno kwa nusu saa. Fundi aliomba kuazimwa kijana huyu aliyepiga magoti, kwa wiki mbili, saa za mchana baada ya masomo.

Mwalimu Mkuu aliifunga kamusi. Kisha akatoa hukumu ambayo naweza kuirudia neno kwa neno, kwa sababu kila usiku nililala nayo.

"Wafugaji wakimkubali duma, mambo ya kamusi yataishia humu ndani. Wakimcheka, baba yako ataiona yote, na ule ukurasa wa punda nitamfungulia mimi mwenyewe."

Fundi alipewa chumba nyuma ya ofisi ya mifugo, kati ya ghala la dawa na zizi la mafahali. Humo aliweka meza yenye tundu la mraba katikati, na juu ya tundu kioo. Chini ya meza alitega kioo kingine cha kujitazamia, akakielekeza dirishani ili jua lipande kutoka chini. Ukiweka karatasi tatu juu ya kioo, ya chini kabisa ilionekana kama vile umezinyoa zile za juu. Karatasi zote zilikuwa na matundu mawili kwenye ukingo, na meza ilikuwa na vijiti viwili vya kuyashika, ili kila mchoro ukae palepale ulipokaa mwenzake. Bila vijiti hivyo, alisema fundi, mnyama atatetemeka kama mlevi.

Filamu yenyewe ilikuwa lazima isafishwe Nairobi, kwa hiyo kwa majaribio tulitumia kopo. Lilikuwa kopo kubwa la rangi lisilo na mfuniko, limepakwa weusi, limekatwa nyufa nyembamba za kusimama kuzunguka ubavu wake, na kusimamishwa juu ya ekseli ya baiskeli. Michoro ilipangwa kwenye utepe wa karatasi uliozungushwa ndani, chini ya nyufa. Unalizungusha kopo, unatazama kwa ufa mmoja hadi michoro ya upande wa pili, na kilichochorwa kinaamka. Mchoro wa mwisho unapokelewa na wa kwanza bila kuonyesha pa kuungana, kwa hiyo mnyama anaweza kukimbia mpaka mkono wako uchoke. Fundi aliniambia kwamba hiyo ndiyo siri ya kazi nzima. Huchori mbio ndefu. Unachora hatua moja kamili, ya miguu yote minne, halafu unairudisha mwanzo wake.

Sasa mimi ni mtoto wa nyika. Nimeona duma mara nne, na mara moja alinitazama. Kwa hiyo fundi alipoanza kunieleza habari ya miguu, nilimwambia asijisumbue. Nilichora siku tatu mfululizo. Duma wangu alikuwa na madoa, machozi meusi mashavuni, na mkia wa kifahari. Nilimtia kwenye kopo, nikazungusha, nikasimama kando nikingoja sifa.

Fundi alitazama kwa muda. Alichezea penseli moja mfukoni. Kisha akasema tu kwamba kesho ni siku ya soko dogo, twende tukawaonyeshe wazee wachache kabla ya siku ya Bwana Mifugo. Baadaye niligundua kwamba aliona kosa pale pale, ila alijua kicheko cha wazee kingeniingia kuliko somo lake. Mtu mbaya sana. Nampenda mpaka leo.

Sokoni, kando ya zizi la kunadi, tuliliweka kopo juu ya sanduku. Mzee wa kwanza alikuwa mwenye ndevu za hina. Aliinama, akatazama ufani, akainuka, akaniuliza kwa Kisomali kama mnyama huyo ni wa kubeba vyombo vya maji. Nikamwambia ni duma. Akainama tena. Akamwita mwenzake.

"Njoo uone," alisema. "Kuna mtu amemvisha ngamia ngozi ya duma."

Wallahi walicheka mpaka mafahali waligeuka. Mmoja aliuliza duma huyo hutoa maziwa lita ngapi kwa siku. Mwingine alisema akimkuta usiku atamfunga kamba puani. Na aliyecheka kuliko wote, akijipiga paja, alikuwa abti yangu, ndugu wa mama, mtu wa kusoma nyayo ambaye polisi humwita wakipotelewa na wezi wa mifugo. Mjomba wa damu kabisa.

Nilirudi kwenye kopo, nikatazama kwa macho yao, na kosa likaonekana. Mguu wa nyuma wa kushoto na wa mbele wa kushoto ilikwenda pamoja. Halafu wa nyuma wa kulia na wa mbele wa kulia, pamoja. Hivyo ndivyo ngamia anavyokwenda, upande mmoja kisha upande mwingine, na mwili wake unayumba kulia na kushoto. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa nimelala juu ya myumbo huo, na penseli yangu ilikuwa imelala huko pia. Mgongo wa duma nilikuwa nimeuchora mara moja na kuunakili kwenye kila karatasi, umenyooka kama nguzo ya hema. Niliona duma mara nne, lakini mkono wangu ulimjua ngamia tu.

Nilimgeukia fundi nikamwuliza kwa hasira kidogo utaratibu wenyewe ni upi basi. Alikiri kwamba yeye ana farasi kichwani, aliyejifunza kwenye picha, na mbwa wa kwao Machakos. Duma hajamwona akikimbia hata siku moja. Hakutaka kuniambia jambo la kukisia.

Abti alikuwa amemaliza kucheka. Alifuta machozi kwa ncha ya kikoi chake na kumwambia fundi, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hii kijana ni mjinga lakini ni ya dada yangu. Kesho lete gari. Mimi naonyesha wewe duma bila duma."

Kesho yake tulikwenda na gari la mifugo, mwendo wa kama saa moja, mpaka kwenye mkondo mkavu ambapo duma alikuwa amemkimbiza swala alfajiri. Abti alikuwa amepata habari kwa wachota maji. Mchanga ulikuwa safi, bado haujaguswa na upepo. Abti alivua makubazi, akatembea kando ya nyayo bila kuzikanyaga, na kunituma nikate vijiti. Alivimenya vingine vikawa vyeupe, vingine akaviacha na maganda. Akachomeka vyeupe kwenye nyayo za mbele, ambazo ni pana zaidi, na vyenye maganda kwenye nyayo za nyuma.

Alipomaliza, mkondo ulikuwa na mistari ya vijiti kama shamba la mtu mvivu. Niliangalia nikaona jambo la ajabu. Vijiti vya miguu ya nyuma vilikuwa mbele ya vijiti vya miguu ya mbele. Kila kundi lilianza na nyayo mbili za mbele, zikafuatwa na mbili za nyuma zilizozipita, halafu mchanga mtupu, mrefu, bila alama yoyote, mpaka kundi jingine.

Nilimwambia abti amekosea rangi za vijiti. Alinitazama kama mtu anayemtazama ndama aliyezaliwa na vichwa viwili.

Akanieleza. Akanionyesha ukingo wa kila unyayo, upande ambao mchanga umemwagika juu ya mwingine, ili nijue nani alikanyaga kwanza. Mguu wa nyuma wa kushoto ulianza. Ukafuata wa nyuma wa kulia, na hapo mchanga ulikuwa umerushwa nyuma kwa nguvu, kwa sababu hapo ndipo duma alipojitupa. Halafu ule mchanga mtupu, yuko hewani amejinyoosha. Halafu mguu wa mbele wa kulia ukashuka, kisha wa mbele wa kushoto. Halafu anapaa tena, safari hii amejikunja, na ile ya nyuma inaipita ya mbele na kutua.

"Haiendi msalaba," abti alisema, akichora duara hewani kwa kidole. "Inazunguka. Kama kikombe cha chai kwa wageni. Nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, mbele kushoto, na kikombe kinarudi kwa mwenyewe."

Fundi alikuwa ameshaanza kuandika. Aliniambia hapo ndipo duma alipotofautiana na farasi wake, maana farasi akimaliza nyuma kulia huvuka kwenda mbele kushoto. Kisha akatoa kamba, akapima kundi, akapima mchanga mtupu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeokota pesa.

Mimi bado sikuelewa ya nyuma inawezaje kuipita ya mbele bila mnyama kujikwaa. Nililiuliza hilo kwa sauti, na hilo ndilo kosa langu la siku ile, kwa sababu abti na fundi walitazamana, wakatabasamu kwa lugha moja, na kuniambia nivue shati.

Nilikimbia kwa miguu na mikono kwenye mkondo ule, mchana kweupe, mbele ya dereva wa serikali na wachota maji watatu. Abti alikimbia kando yangu akinitajia zamu: mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Mara ya kwanza nilichimba mchanga kwa pua. Mara ya pili pia. Tatizo lilikuwa mgongo. Nikiukaza, magoti yangu hayakufika popote, yaliishia nyuma ya viganja. Mara ya nne nilichoka kukaza, mgongo ukapinda juu wenyewe kama wa paka aliyetishwa, na ghafla miguu yangu ilitua mbele ya mikono, nje kidogo, na nikiwa nimejikunja hivyo nilikuwa na nguvu yote ya kujirusha. Nikajirusha. Mgongo ukafunguka, mikono ikaenda mbali, na kwa muda wa kupepesa jicho nilikuwa hewani. Halafu mikono ikashuka, na uzito wangu wote ukaingia mabegani, kichwa kikazama katikati yake, na hapo nikajua kwa mifupa kwamba mbio hutoka mgongoni, si miguuni.

Wachota maji walipiga makofi. Mmoja aliuliza kama shuleni tunafundishwa hivyo.

Kuanzia mchana ule fundi alinikataza kuchora miguu. Alisema mwanafunzi huanza na miguu kwa sababu ndiyo inayoonekana inafanya kazi, lakini miguu ni watumishi, mwenye nyumba ni mgongo. Nilichora migongo minane peke yake, mistari minane mitupu juu ya mstari wa ardhi. Ule wa miguu ya nyuma ikitua, nyonga zimeshuka. Ule wa kujirusha, umeanza kunyooka. Ule wa hewani, mrefu, umelegea kidogo katikati. Ule wa miguu ya mbele ikitua, mabega yako chini na nyonga zimepanda. Ule wa hewani wa pili, umepinda juu kama upinde wa mshale. Minane tu, kila mmoja kwa picha moja ya filamu. Sinema hula picha ishirini na nne kwa sekunde, kwa hiyo duma angekula hatua tatu nzima kwa sekunde moja. Yule wangu wa kwanza alikuwa na michoro kumi na miwili, na kila mmoja ungepigwa mara mbili. Sekunde nzima kwa hatua moja. Ndiyo maana walitaka kumkamua.

Tulivitia vile vistari ndani ya kopo. Havikuwa na kichwa wala madoa, lakini vilikimbia. Mabega yakishuka nyonga zinapanda, nyonga zikishuka mabega yanapanda, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu miguu, kwa zamu ya kikombe cha chai. Hapo nilifanya kosa jingine, maana sikuzaliwa kufaulu mara moja. Miguu ilikuwa sahihi, mgongo ulikuwa sahihi, na bado duma alielea, kama nguo kwenye kamba. Fundi aliniagiza nitazame mguu mmoja tu, wa mbele wa kulia, karatasi kwa karatasi. Kweli, ulikuwa unagusa ardhi kwa ncha, umenyooka, bila kujali kwamba duma mzima yuko juu yake. Nilifuta. Nikaukunja kidogo kwenye kifundo baada ya kutua, nikateremsha kifua kiufuate, nikainua mfupa wa bega mpaka ukatokeza juu ya mstari wa mgongo. Uzito hauonekani mahali pengine, fundi alisema. Unaonekana pale kitu kinapolazimika kuupokea. Kichwa tulikiacha kimetulia, maana duma anamtazama ndama, hatazami miguu yake. Mkia tuliuchelewesha nyuma ya nyonga, uje baada yake kama mgeni asiyejua saa ya chakula.

Siku mbili za mwisho nilizitumia kufuta zaidi kuliko kuchora. Mwalimu Mkuu alipita mara moja dirishani, akasema amesikia baba yangu yuko njiani na madume sita ya ngamia. Alisema kwa furaha ya kutosha.

Siku ya soko kubwa Bwana Mifugo alifika na kofia yake ya jua na karani. Mwalimu Mkuu alifika na bahasha kubwa kwapani, na sikuhitaji kuuliza ndani yake kuna kitabu gani. Nami nikamwona baba, amesimama na fimbo shingoni, mikono imening'inia juu yake, akizungumza na wanunuzi. Hakuja kwetu. Baba haji mahali, mahali humjia.

Mzee wa ndevu za hina ndiye aliyetangulia, kwa sababu alitaka kucheka mapema kabla ya biashara. Aliinama ufani akiwa tayari na tabasamu. Fundi alizungusha kopo.

Mzee hakucheka. Alisogeza jicho karibu zaidi. Tabasamu lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Mkono wake wa kulia ulikwenda pembeni kutafuta fimbo, ukaishika. Aliinuka, akatazama nyuma ya kopo, kisha akanitazama mimi.

"Ndama wako mbali gani naye?" aliuliza.

Nikamwambia ndama hatujawachora bado.

"Basi wacheleweshe," alisema. "Huyu hajala tangu jana."

Baada ya hapo hapakuwa na foleni, palikuwa na vita vya adabu. Kila mzee alimpa mwenzake nafasi kwa maneno na kumsukuma kwa kiwiko. Walitazama mgongo, walibishana kuhusu mabega. Mmoja alisema ni jike, kwa jinsi nyonga zilivyo nyepesi. Mwingine alisema ni dume kijana, na ameanza mbio hizo sasa hivi, kwa sababu mwenye kuchoka huinua kichwa. Abti alitembea kati yao akieleza habari ya vijiti kana kwamba duma ni mwanawe. Hakuna aliyetaja ngamia. Bwana Mifugo, ambaye hajui Kisomali, alimwuliza karani wanasema nini, na karani alifikiri kidogo akajibu kwamba wanaulizana duma huyo amekula ndama wa nani. Bwana Mifugo alimwambia fundi abaki na duma wake, na ampeleke Nairobi wiki hii.

Mwalimu Mkuu alingoja watu wapungue, kisha naye akainama. Alikaa pale muda mrefu kuliko wazee wote. Alipoinuka alivua miwani akaifuta, na kuondoka kuelekea shuleni na bahasha yake ikiwa bado imefungwa. Alipita hatua mbili kutoka kwa baba na kumpa salamu ya heshima, hali ya mvua, hali ya malisho, basi. Nimesema mabaya mengi juu ya mtu huyo na nitasema mengine, lakini hilo liandikwe.

Halafu umati ulipasuka katikati na baba akaja. Mahali palimwita. Alinikabidhi fimbo yake niishike, jambo ambalo hafanyi ovyo, akaweka mikono magotini na kutazama ufani. Nilizungusha kopo mwenyewe. Kopo liliishiwa nguvu, nikalizungusha tena. Likaishiwa tena. Wazee walisogea kungoja neno lake, kwa sababu kwetu hakuna anayemjua duma kuliko baba.

Aliniuliza bila kuinuka, nani aliyemchora. Nikasema mimi. Akauliza mgongo huo nimeuona wapi. Nikamwambia nimeukimbia mwenyewe, na abti ni shahidi.

Baba aliinuka, akachukua fimbo yake, akawageukia wazee wenzake.

"Miaka mitatu kabla ya shule kijana huyu alichunga mbuzi wangu," alisema, "na kila mwaka duma alichukua wawili. Nilidhani analala. Kumbe alikuwa anasoma."

Walicheka, safari hii pamoja nami. Baba aliweka mkono wake mzito kichwani pangu na kukisukuma chini kidogo, akanituma nirudi shuleni kabla ya kengele ya jioni, kwa sababu kundi lake, alisema, halina uwezo wa kunilipia masomo ya namna hiyo.